Lalamiko likishasambaa, ahadi ya chapa ndiyo inayoamua jibu

Mteja alinunua begi la mgongoni. Miezi minne baadaye mkanda mmoja ukaanza kuachia kwenye mshono, naye akachukua simu akarekodi video ya sekunde 40. Anaushika mkanda, anauvuta kidogo, uzi unafumuka wote. Hasemi mengi. Anasoma kwa sauti maneno yaliyoandikwa kwenye lebo ya ndani, kisha anazima kamera. Kufika jioni video imetazamwa mara 300,000, na kila posti ya kampuni, hata ile ya kuwatakia wateja wikendi njema, imejaa komenti za kuulizia mkanda.

Mfano huu ni wa kubuni, na nimeuchagua kwa sababu ya yale maneno ya kwenye lebo. Tuseme kuna kampuni mbili ambazo video hiyo ingeweza kuzipata. Ya kwanza inauza mabegi ghali na lebo yake inasema, "Begi la mwisho utakalonunua." Ya pili inauza mabegi ya bei nafuu yenye rangi na michoro inayobadilika kila baada ya miezi michache, na lebo yake inasema, "Msimu mpya, sura mpya." Kasoro ni ileile na video ni ileile. Ila kampuni ya kwanza imepigwa kifuani na ya pili imepigwa begani, na ikiwa zote mbili zitatoa jibu moja, basi moja wapo itakuwa imekosea.

Ukitaja utambulisho wa chapa, wengi wanafikiria nembo, rangi, aina ya herufi na namna ya kuongea na wateja. Hivyo vyote vimo. Lakini siku lalamiko linaposambaa, sehemu ya utambulisho inayofanya kazi ni ahadi: jambo lile moja ambalo mteja aliamini atalipata kwako, na ndilo lililomfanya akuchague wewe akawaacha wengine. Rangi ya nembo haikuambii ulipe fidia kiasi gani. Ahadi inakuambia.

Lalamiko limegonga wapi?

Mwaka 2004 kampuni ya Kimarekani ya Kryptonite, watengenezaji wa makufuli ya baiskeli, ilikutana na jambo hili kabla mitandao ya kijamii tuliyoizoea haijashika kasi. Mwezi Septemba mwendesha baiskeli mmoja aliandika kwenye jukwaa la mtandaoni la wenzake kwamba kufuli lake la chuma nene, lenye umbo la U, linafunguka kwa ganda la kalamu ya Bic. Wengine wakajaribu kwa makufuli yao, wakarekodi video na kuziweka hadharani. Ufundi wenyewe ulikuwa rahisi mno. Tundu la ufunguo lilikuwa la duara, na ndani yake vipini vidogo vilipangwa kwa mzunguko. Ganda la kalamu ni la plastiki laini na unene wake unakaribia kulingana na tundu. Ukilisukuma ndani na kulitikisatikisa, plastiki inabonyea kufuata kina cha kila kipini, na mwisho linazunguka kama ufunguo.

Kampuni hiyo ilikuwa imejijenga kwa sifa ya ugumu. Hata jina lake limetolewa kwenye hadithi za Superman, ni lile jiwe linalomlegeza hata yeye. Ilikuwa pia ikiwapa wanunuzi dhamana kwamba baiskeli ikiibiwa kwa sababu kufuli limevunjwa, watalipwa, ilimradi wametimiza masharti. Sasa angalia jibu lake la kwanza. Kwa ufupi lilisema kwamba makufuli yaliyopo bado yanasaidia kuzuia wizi, na kwamba toleo jipya lililo imara zaidi liko njiani.

Ukilisoma jibu hilo kama mhandisi, halina uongo mkubwa. Kufuli hilo bado lilikuwa bora kuliko kamba, na ni kweli toleo jipya lilikuwa linaandaliwa. Ukilisoma kama mtu aliyeacha baiskeli yake mtaani asubuhi hiyo, linasema kitu kingine kabisa: mwizi sasa ana ufunguo kwenye mfuko wa shati, na kampuni inakushauri ununue kufuli jingine. Siku chache baadaye kampuni iligeuka. Ikatangaza kubadilisha bure makufuli yenye tundu la aina ile, ikaachana na muundo huo kwenye bidhaa hizo, na zoezi likaenda hadi mamia ya maelfu ya makufuli. Chapa hiyo ipo sokoni hadi leo.

Jibu la kwanza lilitoka kwa watu walioona kasoro ya bidhaa. La pili lilitoka kwa watu walioona kwamba ahadi yenyewe imevunjika. Tuseme waendesha baiskeli wangelalamika kwamba rangi ya kufuli inabanduka. Hapo kuomba radhi na kumbadilishia anayetaka kungetosha, maana hakuna aliyenunua kufuli lile kwa ajili ya rangi. Ndiyo maana swali la kwanza kwenye kikao cha dharura linapaswa kuwa hili: mtu huyu analalamikia kile tulichomwahidi, au kitu cha pembeni? Swali la tuombe radhi vipi linakuja baadaye. Kwa uzoefu wa wengi wanaofanya kazi hii, kikao kinaanza na la pili, na saa nzima inapotea watu wakibishania neno "usumbufu".

Lalamiko la pembeni linajibiwa kwa utaratibu wa kawaida, kwa adabu na kwa haraka. Lalamiko lililogonga ahadi linadai kitendo kinachozidi kile sheria au karatasi ya dhamana inachokulazimisha. Sababu yake ni rahisi. Dhamana ilikuwa inajulikana kabla ya video, kwa hiyo kuitekeleza si habari kwa mtu yeyote. Watu 300,000 wanataka kujua kama ile sentensi ya kwenye lebo ilikuwa na maana au ilikuwa mapambo.

Saa za mwanzo, kwa kampuni ya mabegi ya kudumu

Jambo la kwanza ni dogo na husahaulika karibu kila mara: simamisha posti zilizokwisha pangwa kujirusha zenyewe. Hakuna kinachochochea moto kama tangazo la kijana anayecheka na begi mgongoni, likatoka saa 11 jioni kwa sababu mtu alilipanga wiki iliyopita. Simamisha pia matangazo ya kulipia, kwani komenti zitahamia huko.

Baada ya hapo, kabla hujaandika chochote kirefu, soma komenti. Usizihesabu tu, zisome. Kuna komenti za watazamaji, wanaocheka, wanaowatag rafiki zao, wanaotunga vichekesho. Na kuna komenti zinazoanza na "hata mimi". Hizi ndizo zenye uzito, hasa zikija na picha ya mkanda mwingine. Video yenye vicheko 5,000 na "hata mimi" mbili ni burudani itakayopita. Video yenye vicheko 500 na "hata mimi" 40 ni taarifa kutoka kiwandani kwako ambayo hukuletewa. Wengi wanaangalia idadi ya waliotazama, wanahofu au wanajipa moyo kwa sababu isiyo sahihi.

Wakati huohuo mtu mmoja afungue barua pepe za huduma kwa wateja za miezi sita iliyopita na atafute maneno mawili: "mkanda" na "mshono". Hapa ndipo mara nyingi aibu hukutwa. Tuseme anapata barua 23. Kila moja ilijibiwa vizuri, kila mteja akabadilishiwa begi, na hakuna aliyegundua kwamba 19 kati yake zinahusu mabegi ya bechi moja. Fundi anachukua begi la bechi hiyo na jingine la zamani, anayalaza mezani na kufungua bitana. Begi la zamani mkanda wake umeshonwa kisanduku chenye msalaba ndani, mstari juu ya mstari, ule mshono unaogawa uzito pande zote. La bechi mpya lina mistari miwili tu iliyonyooka. Mtu fulani kiwandani aliokoa dakika chache kwa kila begi.

Lakini uchunguzi huo hauishi ndani ya saa moja, na watu wanasubiri. Jibu la kwanza linatoka kabla ya sababu kujulikana, na linawekwa pale pale lalamiko lilipo, chini ya video ya mteja. Linaweza kuwa hivi:

"Tumeiona video yako. Tulikuahidi begi la kudumu, na miezi minne si kudumu. Tunatafuta begi lako lilitoka bechi gani na mshono ule ulishonwaje. Kesho saa 6 mchana tutaandika hapa hapa tulichokuta. Begi jingine tunakutumia leo, bila kusubiri majibu ya uchunguzi."

Ona kilichomo na kisichomo. Linataja ahadi kwa jina, kwa sababu mteja ameshaitaja yeye mwenyewe na kuikwepa kungeonekana. Halisemi sababu, kwa kuwa haijulikani. Linaweka saa, na saa hiyo ikifika ni lazima kitu kiandikwe, hata kama ni "bado tunaendelea, tutarudi saa 12 jioni". Ahadi ya muda iliyovunjwa siku ya pili inafuta kila kitu kilichosemwa siku ya kwanza, na kwa chapa inayouza uimara, kuchelewa kwa saa mbili kunasomwa kama mshono mwingine ulioachia.

Sasa linganisha na jibu hili, ambalo kila mtumiaji wa mitandao amekutana nalo: "Mteja wetu mpendwa, tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza. Tafadhali njoo inboksi na namba yako ya oda ili tukuhudumie." Likibandikwa mara 60 chini ya komenti 60, mtu atapiga picha ya skrini, ataziweka sita kwa pamoja, na hiyo itakuwa posti ya pili inayosambaa. Tatizo lake si ukali, maana lina adabu zote. Linahamisha jambo la hadharani kwenda faragha wakati waliokuwa wanatazama bado wapo, na halitaji hata mkanda. Kuna kipimo rahisi: ziba jina la kampuni, kisha ujiulize kama mshindani wako angeweza kuliweka jibu hilo bila kubadilisha neno. Kama angeweza, basi utambulisho wako haukushiriki kuliandika.

Kesho yake saa 6 mchana kampuni inasema ilichokuta: bechi gani, mshono gani, umekosewaje, na ni mabegi mangapi. Tuseme ni 1,500 yaliyouzwa. Hapa mwanasheria na mhasibu wataingia, na wana haki ya kuingia. Mwanasheria atauliza kama kukiri kosa la mshono kutafungua mlango wa madai. Mhasibu atauliza kwa nini tusibadilishe kwa wale wanaolalamika tu, ambao pengine hawafiki 100. Kwa kampuni ya mabegi ya misimu, hoja ya mhasibu ni nzuri. Kwa kampuni iliyoandika "begi la mwisho utakalonunua" hoja hiyo inaiua, kwani wale 1,400 waliobaki mkanda wao utaachia mmoja mmoja kwa miaka miwili ijayo, kila mmoja akiwa na simu mkononi. Kampuni inawaandikia wote 1,500 bila kusubiri walalamike, inawaambia mshono wao una kasoro, na inawapa kuchagua kati ya kushonewa upya au kupewa jipya. Kama hofu ya mwanasheria ni nzito, afadhali maneno yapunguzwe kuliko kitendo kupunguzwa. Unaweza kueleza mshono ulivyo bila kutumia neno "uzembe".

Kampuni ya pili, ile ya misimu, inafanya uchunguzi uleule ndani, na bechi yenye kasoro inaiondoa dukani. Lakini jibu lake kwa mteja linaweza kuwa fupi na jepesi zaidi: "Hapo tumekuangusha. Tupe namba ya oda, uchague begi lolote la msimu huu au urudishiwe pesa yako leo." Inatosha. Mteja alilipia sura mpya kwa bei nafuu, na uhuru wa kuchagua begi jingine unaendana na kile alichokipenda. Kosa la kampuni kama hii ni kuazima sauti ya jirani kwa hofu, ikatangaza kwamba mabegi yake yametengenezwa kudumu maisha yote. Haijawahi kuahidi hivyo, haitoweza, na imejitengenezea lalamiko la mwakani.

Sauti inakuja mwisho

Watu wa masoko wanapenda sana kuanza na sauti: je, tuwe wachangamfu, tuwe wa heshima, tutanie kidogo? Mfano unaotajwa kila mara ni wa KFC nchini Uingereza, Februari 2018. Kampuni ilibadilisha msambazaji, mfumo mpya ukakwama, na zaidi ya nusu ya migahawa yake takribani 900 ikafungwa kwa kukosa kuku. Malalamiko yalifurika mtandaoni, na baadhi ya watu walifika mahali pa kuwasumbua polisi kuhusu kuku. Mwishoni mwa wiki iliyofuata kampuni ikatoa tangazo kwenye magazeti: ndoo tupu, na herufi tatu za jina lake zimepangwa upya zikasomeka kama tusi la Kiingereza lililodondosha irabu. Chini yake radhi ya wazi kwamba mgahawa wa kuku umekosa kuku, na shukrani kwa wafanyakazi.

Tangazo hilo limesifiwa kwa utani wake, na ndiyo maana linaigwa vibaya. Kampuni hiyo ilikuwa imekosa kitu kilekile kinachobeba jina lake, kwa hiyo ahadi ilikuwa imegongwa sawasawa. Lakini hakuna aliyeumia, watu walikuwa na njaa na hasira tu. Migahawa mingi ilikuwa imeanza kufunguliwa tena tangazo lilipotoka, na kulikuwa na ukurasa wa mtandaoni wa kuangalia tawi gani lina chakula. Utani ulielekezwa kwa kampuni yenyewe, mteja hakuguswa. Na chapa hiyo ilikuwa na kawaida ya kutania tangu zamani, hivyo sauti ile haikushangaza. Ondoa sharti moja kati ya hayo, tangazo lilelile linageuka kuwa dharau. Benki iliyofunga mifumo yake kwa siku tatu haiwezi kulitumia. Wala isingefaa kwa KFC yenyewe kama lalamiko lingekuwa la chakula kilichoharibika.

Upande wa pili wa sauti ni pale utambulisho wenyewe unapokuwa wa kujivuna. Juni 2010 Apple ilizindua iPhone 4, simu ambayo antena yake ilikuwa kwenye ukingo wa chuma unaoizunguka. Wateja wakaanza kuonyesha kwamba ukiishika kwa namna fulani, vijiti vya mtandao vinashuka. Steve Jobs alimjibu mteja mmoja kwa barua pepe akimshauri kwa ufupi asiishike hivyo. Barua hiyo ikasambaa kuliko lalamiko. Kwa kampuni inayojitambulisha kwa usanifu usio na dosari, kishawishi cha kwanza ni kuutetea usanifu, na hapo mkono wa mteja ndio unaobaki kuwa na makosa. Lakini ahadi ya kampuni hiyo kwa mtumiaji wa kawaida ilikuwa kwamba kifaa kitafanya kazi bila yeye kujifunza namna ya kukishika. Tarehe 16 Julai Jobs alifanya mkutano na wanahabari, akakiri kwamba hawajakamilika, akatoa takwimu zake za kujitetea, na akatangaza kava za bure kwa wanunuzi. Kava hiyo ndiyo iliyokuwa jibu, kwa sababu ilimruhusu mtu kuishika simu anavyotaka.

Somo dogo ninalolitoa hapo, ambalo si wote wanakubaliana nalo, ni kwamba ahadi inabidi iandikwe upande wa mteja. "Tunatengeneza vitu vizuri" ni sentensi ya kujisifu, na siku ya lalamiko itakuelekeza kujitetea. "Mteja hatahitaji kufikiria kuhusu kifaa hiki" itakuelekeza kurekebisha. Hati nyingi za chapa nilizowahi kuziona zina kurasa nyingi za aina ya kwanza na hata mstari mmoja wa aina ya pili haumo.

Pale ambapo chapa inapaswa kunyamaza

Mambo yote haya yana mpaka, na mpaka ni usalama. Ikiwa bidhaa inaweza kumuumiza mtu, maswali ya ahadi na sauti yanawekwa kando. Jibu linakuwa kavu na fupi: acha kutumia, namna ya kujua kama yako imo, rudisha hapa. Halina utani, halina kaulimbiu, na halina maelezo marefu ya jinsi tunavyowajali.

Kuna pia hatari ya kutoa kitendo kizuri mapema mno. Mwaka 2016 Samsung ilizindua Galaxy Note 7 mwezi Agosti, na muda mfupi baadaye picha za simu zilizoungua zikaanza kusambaa. Tarehe 2 Septemba kampuni ilitangaza kuwabadilishia wanunuzi, simu zipatazo milioni 2.5. Kwa chapa kubwa ilikuwa hatua ya haraka na ya gharama, na ilipokelewa vizuri. Halafu simu za kubadilishiwa nazo zikaanza kuwaka. Oktoba kampuni ikaacha kabisa kuitengeneza simu hiyo, na Januari 2017 ikaeleza kwamba betri kutoka kwa watengenezaji wawili zilikuwa na kasoro mbili tofauti. Kosa la pili liliuma kuliko la kwanza, kwani safari hii mteja alikuwa ameambiwa kwamba yuko salama.

Kwa hiyo kurudisha pesa na kusimamisha matumizi vinaweza kutangazwa kabla ya sababu kujulikana. Kutoa kifaa cha mbadala chenye uwezekano wa kasoro ileile hakuwezi. Kwenye mfano wa begi, mbadala wa siku ya kwanza hauna hatari kwa sababu mkanda ukiachia tena, kinachodondoka ni madaftari. Hata hivyo, busara ni kutuma la bechi ya zamani.

Na kama mteja amekosea?

Hili hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mwonekano wa karibu wa video unaonyesha lebo yenye herufi zisizo zako: begi ni bandia. Au mkanda umekatwa na mbwa, na mteja hakusema. Ukweli uko upande wako, na kishawishi ni kuutumia kama rungu. Kabla ya hapo, mtafute mteja mwenyewe kwa ujumbe wa faragha, mwonyeshe ulichokiona, na umpe nafasi ya kulisema yeye. Hii ndiyo hali pekee ambayo ninaona inboksi inatangulia, maana anayelindwa ni yeye. Wengi wakiombwa kwa heshima huandika wenyewe kwamba walitapeliwa, na komenti hiyo ina nguvu kuliko taarifa yoyote ya kampuni.

Akikataa au asipojibu, kampuni inaandika hadharani bila kumtaja kuwa mwongo. Kampuni ya mabegi ya kudumu ina faida hapa, kwani inaweza kuonyesha tofauti badala ya kuitangaza: picha mbili zilizowekwa sambamba, upande mmoja kisanduku chenye msalaba, upande mwingine mistari miwili. Chini yake maelezo ya mahali lebo halisi inaposhonwa, orodha ya wauzaji wanaotambulika, na namba ya kutuma picha kwa mwenye shaka. Je, imbadilishie begi aliyenunua bandia? Hapana. Ahadi ilikuwa juu ya mshono wake, na mshono ule si wake. Akibadilishiwa mmoja, watapanga foleni wote walionunua kwa yule mwuzaji. Kumtengenezea mkanda bure ni jambo jingine. Fundi anamaliza kwa dakika 15, na mteja akirekodi video nyingine, kitakachoonekana ni kisanduku chenye msalaba kikishonwa juu ya kazi ya tapeli.